Mwanachama Marehemu

Kwa miaka yote ambayo Pindo alishona barazani, hakuna mteja aliyewahi kumwuliza jina lake. Walimwita Pindo kwa sababu pindo zake hazikufumuka hata nguo ikichakaa. Mtu akileta suruali alitaka kujua jambo moja tu, itakuwa tayari lini, na Pindo alijibu "kesho" kama wajibuvyo mafundi wote wa dunia hii. Jina la kwenye cheti lilikaa sandukuni kwa mama yake, limekunjwa pamoja na kitenge kisichovaliwa.

Ndiyo maana mdogo wake alipokuja kuliomba, hakuona uzito. Mdogo mtu alikuwa binti wa miaka kumi na sita, na kiwanda cha sabuni kilikuwa kinachukua watu waliotimiza kumi na minane. Pindo alikuwa ameshaipita kumi na minane zamani.

"Dada, niazime cheti chako cha kuzaliwa. Nikishaandikwa tu nakurudishia."

"Chukua," Pindo alisema, uzi mdomoni. "Kwani cheti kinashona?"

Mama yao alicheka, akasema watoto wake wanapendana. Watu wanaambiwa nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini nani alifikiri kwamba jina nalo ni nguo?

Basi mdogo mtu akaandikwa. Akaingizwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kwa jina la dada yake, kitambulisho akakipata kwa jina hilo, akaolewa na dereva wa lori kwa jina hilo, na watoto wake wawili, vyeti vyao vikaandika jina hilo mahali pa mama. Nyumbani aliitwa kwa jina lake, kiwandani kwa la dada yake. Akawa anageuka kwa yote mawili.

Siku moja shehena ya makreti ya sabuni ikamporomokea ghalani. Walimlilia kwa jina lake la kweli na wakamzika kwa jina lake la kweli. Lakini hospitali iliandika lile lililokuwa kwenye kitambulisho mfukoni mwake, na cheti cha kifo kikafuata hospitali.

Pindo alijua. Nyumbani wote walijua. Ila alijua kama mtu ajuavyo kwamba mwezi una mashimo: ni kweli, lakini hayamhusu. Aliyekufa kazini hulipiwa fao, mume na watoto wakapewa malipo ya kila mwezi, na mama mzazi aliyekuwa akimtegemea marehemu naye akapata fungu lake. Pindo alishukuru Mungu kwamba watoto wa mdogo wake hawatalala njaa. Akarudi barazani, akakanyaga cherehani.

Kilichomtoa barazani ni kifua cha mwanawe. Binti huyo, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba yake alitoweka kabla hajazaliwa. Wateja walimwita Kifungo kwa sababu tangu mdogo ndiye aliyeshona vifungo. Alikuwa na pumu. Pumu ikimshika, Pindo alifunga cherehani, akambeba, na dawa ikanunuliwa kwa pesa ya nguo ya mtu ambayo ilikuwa bado haijaisha. Hapo "kesho" ikawa kesho kutwa, na mteja akaanza kutukana.

Halafu kulikuwa na mama yake. Mama yake alishona nguo za watu mpaka vidole vikapinda, na siku vilipopinda hakuna mtu aliyemwambia pole, chukua hiki cha uzee wako. Kama si fao la marehemu angekuwa anaomba chumvi kwa majirani. Pindo alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alipovitazama vidole vya mama yake aliviona vyake.

Kwa hiyo msimamizi wa wodi, mteja wake wa siku nyingi, alipokuja na habari kwamba hospitali yao inatafuta fundi wa kushona shuka na gauni za wagonjwa, Pindo aliuweka mkasi chini.

"Ni kazi ya ajira," msimamizi alisema. "Kiti kina mgongo. Unakatwa mchango wako, na hospitali inakuongezea wa kwao. Ukiumwa unapumzika na mshahara unaingia. Na kadi ya bima inakubeba wewe na mtoto."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Usinilie juu ya sare yangu, Pindo, nimeipiga pasi."

Afisa utumishi wa hospitali alikuwa dada kijana mwenye kucha ndefu ambazo hazikumzuia kuandika haraka. Alimkalisha Pindo, akampa karamu ya maneno mazuri.

"Ulikuwa umejiajiri, eh? Ulikuwa unachangia kwa hiari? Maana siku hizi hata mama wa sokoni anachangia kwa simu. Kama una namba ya uanachama tunaendelea na hiyo hiyo. Namba ni moja mpaka kaburini."

"Sina namba, mwanangu. Mimi ni wa barazani."

"Hakuna shida. Cheti cha kuzaliwa unacho? Tunakusajili sasa hivi."

Pindo akatoa cheti. Shemeji yake alikuwa amekirudisha baada ya arobaini. Afisa akaandika, akasubiri, akaandika tena. Kucha zikasimama.

"Mama, mbona hapa panasema mwanachama yupo? Kiwanda cha sabuni." Akasogeza uso karibu na kompyuta. "Na panasema marehemu. Ajali kazini. Wategemezi wanalipwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Pindo kusomewa kifo chake.

"Wamekosea hao," afisa alisema. "Nenda ofisini kwao wasahihishe."

"Na wakisahihisha? Wale wanaolipwa?"

"Watasimamishwa, uchunguzi upite. Kama kuna mtu alitumia cheti kisicho chake, hiyo ni kesi. Na aliyempa pia, kama alijua. Na kilicholipwa kinadaiwa kirudi." Akamtazama. "Lakini wewe wasiwasi wa nini? Wewe uko hai. Ila fanya upesi, mama. Bila namba siwezi kukuingiza kwenye mishahara. Mchango ukichelewa, faini inakuja kwa mwajiri, na mwajiri anakuja kwangu."

Nyumbani alimkuta mama yake kakaa mkekani, miguu kainyoosha, na shemeji yake dereva kaja kuleta fungu la mwezi kama kawaida. Pindo akaeleza. Alieleza akiwa amesimama, maana miguu ilikataa kukunjwa.

"Nataka kwenda kusema ukweli," alimaliza. "Mume ni wewe yule yule, watoto ni wale wale. Aliyekufa ni aliyefanya kazi. Labda watarekebisha jina tu, wataendelea kuwalipa."

"Labda," shemeji alisema. "Shemeji yangu, watoto wangu wanakula labda? Wakisimamisha, uchunguzi unakwisha lini? Mimi lori si langu. Na hiyo kesi, nani atakwenda jela? Marehemu?"

"Mimi nitafanya nini sasa? Nimepata kazi!"

Mama yake hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti hata siku moja.

"Mwanangu," alisema, "wewe umekufa vizuri. Usifufuke vibaya."

"Mama!"

"Nimesema uongo? Kufa kwako kunatulisha. Uhai wako umetulisha nini? Miaka yote hiyo umekaa barazani, umewahi kuniletea kitu mwisho wa mwezi kisichopungua? Mdogo wako, Mungu amlaze pema, hata kaburini anatuma. Wewe uko hapa na unaomba nikose."

Shemeji aliangalia viatu vyake. Hata yeye aliona pale pamezidi, lakini fungu lilikuwa la kwake pia.

Mama akajivuta mpaka kwenye sanduku. Akapekua chini ya kitenge, akatoa karatasi safi, isiyo na hata alama ya kidole. Kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo mtu.

"Hili hapa jina halijafa. Halijawahi kuajiriwa, halijaolewa, halidaiwi na mtu. Alilala na lako, wewe amka na lake. Kesho mwambie huyo dada kwamba ulichukua cheti cha marehemu dada yako kimakosa. Vyeti vinakaa sanduku moja, vinachanganyika."

"Marehemu dada yangu," Pindo alirudia. "Ni mimi huyo?"

"Ni wewe. Na acha kunitolea macho, mimi ndiye niliyewazaa wote wawili. Nikisema huyu ni nani, ndiye."

Pindo hakulala akilia, kama watu wa hadithi. Alishona suruali iliyokuwa inadaiwa. Alifikiri juu ya kifua cha Kifungo, akafikiri juu ya vidole, akafikiri watoto wa mdogo wake wakifukuzwa shuleni kwa kukosa ada. Akasema moyoni, jina ni nini? Barazani nimeishi bila jina na sikufa.

Afisa utumishi alicheka mpaka akashika kifua. "Mama, ulinishtua! Nikasema leo nimeajiri mzimu." Akaandika jina la pili, kompyuta ikalipokea bila kinyongo. Kwa kuwa cheti kilikuwa cha mdogo mtu, Pindo alipungua miaka tisa pale pale kitini.

"Wewe bado kijana bwana," afisa alisema. "Mbona kazi ya jua imekuzeesha hivi! Sasa nenda na hii ofisi ya mfuko, wakupige picha, waandike wategemezi, halafu bima nayo itafuata orodha hiyo hiyo. Mchukue mtoto uende naye."

Wakaenda, Pindo na Kifungo, wamevaa nguo za kutokea. Njiani Kifungo aliuliza maswali kama cherehani isiyo na breki.

"Mama, kadi yangu itakuwa na picha?"

"Itakuwa na picha."

"Nikibanwa usiku wa manane wananipokea tu?"

"Wanakupokea tu. Unaonyesha uso na kadi. Sasa nyamaza kidogo, usije ukabanwa kwa kuongea."

Jambo la jina alikuwa amemweleza nyumbani, kidogo kidogo, kama unavyompa mtoto kidonge kichungu. Kifungo alikuwa amesema ni sawa, majina ya kazini huwa tofauti. Hakujua zaidi. Na Pindo naye, ukweli usemwe, hakujua zaidi.

Karani wa mfuko alikuwa mzee wa miwani, mpole, mwenye tabia ya kueleza hata asiloulizwa. Alimpiga Pindo picha, akamchukua alama za vidole, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo mchango wake ukikatwa na usipofika, aje yeye mwenyewe kumshtaki mwajiri, asiogope.

"Umri wa kustaafu ni sitini. Wewe una thelathini na nne. Una muda mrefu wa kuchangia, pensheni yako itanenepa. Wenzako wanakuja hapa na miaka arobaini na kitu, wamechelewa, tunawahurumia."

Pindo alipiga hesabu kichwani. Pale karatasi itakapofika sitini, vidole vyake vitakuwa na sitini na tisa. Akatabasamu, kwa sababu karani naye alikuwa anatabasamu.

"Haya, wategemezi. Una mume? Huna. Watoto?"

"Ninaye huyu."

"Cheti chake."

Pindo akakitoa. Alikuwa amekichukua asubuhi ile ile kutoka kwa mama yake, na mama yake alikuwa amesita kidogo kukitoa, akasema "kwani kinahitajika?" Pindo hakujiuliza. Karani akakisoma, akashusha miwani, akaipandisha.

"Huyu mama yake ni nani hapa? Jina hili si lako."

Pindo akafungua mdomo. Lilikuwa jina lake. Lilikuwa jina alilopewa siku alipozaliwa, aliloandikisha mwenyewe siku alipomzaa Kifungo, akiwa na maumivu, mkunga akimwambia atamke polepole.

"Ngoja," karani alisema, akabofya. "Mbona mtoto huyu tunaye tayari? Huyu ni wa marehemu. Yule wa ajali ya kiwanda cha sabuni. Ameorodheshwa na wenzake wawili, wote mama mmoja. Analipwa fao la yatima kila mwezi, mlezi aliyeandikwa ni mjane wa kiume, dereva. Amekuwa akilipwa tangu mwanzo." Akamtazama Kifungo kwa huruma. "Pole sana, binti yangu."

Kifungo akageuka. "Mama, anasema nini?"

Miwani ya karani ikatoka kwa mtoto, ikaja kwa Pindo. Upole ulikuwa bado upo, lakini nyuma yake kulikuwa na mtu wa ofisi aliyeanza kuamka.

"Anakuita mama?"

Ofisini palikuwa na feni inayolia. Pindo aliisikia vizuri sana. Aliona mlango uko wapi, na mlinzi wa mlangoni. Aliona watoto wawili wa mdogo wake wamevaa sare. Aliona mama yake mkekani, miguu imenyooshwa. Aliona kiti chenye mgongo.

"Nimemlea tangu msiba," alisema. "Amezoea. Ni mtoto wa marehemu dada yangu."

"Ahaa." Mtu wa ofisi akarudi kulala. "Basi wewe ni mama yake mdogo. Umefanya jambo jema. Ila kwa kadi yako siwezi kumwingiza. Mlezi anayelipwa ndiye anayepaswa kumgharimia matibabu. Labda mahakama ikupe ulezi, na yule baba akubali kuachia fao. Atakubali?"

"Sidhani."

"Basi hapa niandikeje? Watoto wako mwenyewe, wa kuzaa?"

Kifungo alikuwa ameshika kona ya nguo ya mama yake, pale kwenye pindo. Akaiachia kabla jibu halijatoka.

"Sina," alisema Pindo.

Nyumbani hakugombana. Aliuliza tu.

"Cheti cha mwanangu mlikipeleka lini?"

"Tangu ulipokufa," mama yake alijibu, akichambua mchele. "Jina la mama ni lile lile, wakakubali. Tungeacha fungu la yatima lipotee bure? Na usinitazame hivyo. Fungu langu mimi mzazi ni dogo, ndiyo shemeji yako ananiongezea hilo la mtoto. Hata sukari unayokunywa hapa ni yake."

"Alikuwa anabanwa pumu, mama. Nikauza mpaka mkasi wa pili. Na yeye alikuwa analipwa."

"Si ulikuwa hujui kama analipwa? Usilolijua halikuumi."

Pindo alianza kazi. Hospitalini walimwita kwa jina la mdogo wake, na baada ya muda akawa anageuka. Mwisho wa mwezi akapewa hati ya mshahara, na makato yakiwa yameandikwa mstari wake, ya kwake na ya mwajiri, sawasawa na alivyoambiwa. Alishona shuka, alishona gauni za wagonjwa zenye kamba mgongoni. Mgongo wake uliacha kuuma. Kila kitu alichoahidiwa kilikuwa kweli.

Kifungo hakumkasirikia. Ingekuwa heri angekasirika. Aliendelea kushona vifungo vya watu barazani, na akawa mtoto wa heshima, asiyeuliza maswali.

Msimu wa vumbi ulipoingia akabanwa vibaya. Jirani alimfikisha hospitali ile ile, na kwa kuwa alikuwa hana kadi, walimweka benchi mpaka jirani akaweka simu yake rehani dirishani. Pindo aliitwa kutoka chumba cha cherehani. Alikuta wamemvalisha gauni la wagonjwa. Aliutambua mshono. Ulikuwa wa wiki ile.

Muuguzi mgeni, mwenye haraka, alikuwa anajaza fomu.

"Mama wa huyu mtoto yuko wapi?"

Kifungo aliitoa barakoa ya hewa mdomoni. Alimwona Pindo mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, kadi ya mfanyakazi kifuani yenye picha yake na jina la marehemu. Alimtazama vizuri, kama mtu anayehakikisha hakosei.

"Alikufa," alisema. "Yule pale ni mama mdogo."

Muuguzi akageuka. "Ni kweli, mama? Ni mama yake mdogo?"

Pindo akasogea, akaifunga kamba ya gauni iliyokuwa imelegea mgongoni mwa mtoto. Aliifunga mafundo mawili, isije ikafunguka.

"Ni kweli," alisema. Akapewa kalamu, na akaweka sahihi ya mdogo wake.